Mtandao Ulikuwa Umejaa

Dada aliiweka simu yake mezani, kati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka, akabaki amesimama. Macho yalikuwa yamemvimba. Walikuwa wamemzika mama yao jana.

"Hospitali wanasema walinipigia mpaka wakachoka," alimwambia mdogo wake, fundi simu. "Mama alikuwa ananiulizia. Eti, mbona hapokei? Na mimi simu nilikuwa nayo mkononi, mdogo wangu! Nasubiri. Wajukuu wananitumia picha, zinaingia moja kwa moja. Mtandao umejaa."

Aliyewapa hospitali namba ya dada ni fundi mwenyewe. "Mpigieni dada," alimwambia muuguzi, "mimi kibandani kwangu kelele tupu, sisikii kitu."

Akachukua simu yake, akampigia dada palepale. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akatazama kioo cha simu ya dada: 4G, vijiti vyote vimesimama.

Kampuni ya simu ilishazima 2G zamani, na wiki iliyopita ikazima 3G. Tangazo lilikuwa ukutani nyuma yake, amelibandika kwa mkono wake, na amewaonya wateja wenye simu za zamani hadi koo likamkauka. Dada hakumwonya. Simu ya dada ni ya 4G, ya nini kujisumbua? Kumbe 4G ya picha ni kitu kimoja na 4G ya kupiga ni kingine. Bila VoLTE, inayopitisha sauti kwenye 4G yenyewe, simu ikipigiwa hushuka kwanza kwenye mtandao wa zamani. Sasa hapakuwa na pa kushukia.

Akafungua mipangilio. Simu ilikuwa na VoLTE. Swichi yake tu ilikuwa imezimwa.

Aliyeizima alimjua. Ulikuwa ujanja wake: kila simu iliyopita mikononi mwake aliizima VoLTE, kwa kuamini inakula betri, na wateja wakamsifu kwamba fundi huyu ana mkono mzuri. Enzi za 3G haikumdhuru mtu.

Akaigusa swichi. Alama ya VoLTE ikatokea juu ya kioo. Akapiga tena, na simu ya dada ikaita, kwa sauti kubwa, nzima kabisa, buheri wa afya.

"Ni hivyo tu?" dada aliuliza. "Kugusa tu?"

Angeweza kuisingizia kampuni, na dada angeamini.

"Ni mimi niliizima, dada. Mwaka jana, nilipokubadilishia kioo."

Dada hakufoka. Heri angefoka, angemtukana, angempiga hata na kiti. Fundi akanyoosha kidole akate simu iliyokuwa bado inaita, lakini dada akamshika mkono.

"Iache iite."

Wakaisikiliza, wote wawili wakilia, mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Tena," dada akasema. "Nipigie tena."