Simu Ilale Jikoni

Mume wangu ni mwoka mikate, na jioni ni kipa. Mechi ikiisha, mwili unarudi nyumbani lakini roho inabaki golini. Usiku kucha anadaka mipira ambayo haipo, na mateke nayapata mimi. Juzi aliingia kazini macho mekundu, akasahau hamira, mikate ikatoka bapa kama kandambili.

Nikasema basi! Mimi ni muuguzi, kulaza watu ndiyo kazi yangu. Jana alipotoka uwanjani nilimnyima kahawa, nikampa maji na chakula chepesi, akaoga maji ya uvuguvugu, nikapunguza taa.

"Na simu ilale jikoni," nikamwambia. "Kundi la timu likianza kubishana, hulali."

"Sawa, daktari."

Akalala fofofo. Nikaenda kuzima taa ya jikoni, simu ikalia. Nikachungulia tu. Beki wao ameandika kwamba ile penalti waliyofungwa jioni ni kosa la kipa. La kipa! Wakati yeye mwenyewe ndiye aliyemvuta mtu jezi, tena mbele ya macho yangu! Nikavuta kiti, nikajibu. Wakajibu. Nikawapa zao.

Alfajiri saa ya mezani ikamwamsha mume wangu. Akaja jikoni mwepesi kama unyoya, akanikuta bado nimekaa pale. Akaichukua simu mkononi mwangu, akasoma.

"Mama watoto," akasema, "kumbe usiku nimemwita kocha kilaza?"

Nilitaka kukana, ila nilikuwa napiga miayo. Na zamu ya asubuhi ilikuwa yangu.