Jedwali la Ustadhi Rusimbi

Wengine hujenga nyumba, wengine huongeza mke. Ustadhi Rusimbi wa Ujiji alikuwa na jedwali. Aliupaka rangi ukuta wa madrasa, kisha akaandika kwa mkono wake namna ya kuijua irabu ya kati ya kitenzi cha Kiarabu cha herufi tatu, kinapotoka wakati uliopita kwenda wakati uliopo.

Kati pakiwa na i, hugeuka a: *shariba*, alikunywa, *yashrabu*, anakunywa. Kati pakiwa na u, hubaki u: *karuma*, alikuwa mkarimu, *yakrumu*, ni mkarimu. Kati pakiwa na a, tazama herufi ya pili na ya tatu, mojawapo ikitoka kooni, a hubaki: *fataha*, alifungua, *yaftahu*, anafungua. Chini yake aliandika kwa wino mwekundu: DAIMA.

Na vile vya a visivyo na herufi ya koo? Hivyo mara huchukua u, kama *kataba* na *yaktubu*, mara i, kama *jalasa* na *yajlisu*, na hakuna wa kukuambia ila masikio na kamusi. Hilo Ustadhi hakuliandika. Jedwali linalokiri kutojua halipendezi ukutani.

Mwaka ule askari walikuwa wakiwakusanya wakimbizi waliojibanza mjini na kuwapeleka kambini. Mwenye kazi na barua ya mdhamini alau alisikilizwa. Kwa hiyo Niyibizi Ramadhani, mwalimu kutoka Buyenzi kule Bujumbura, alipoomba kufundisha sarufi, kila mtu alijua anaomba nini. Kamati ya madrasa ilikubali kumpa barua, akishinda mtihani. Mtahini, bila shaka, Ustadhi.

Alhamisi asubuhi wakakaa mbele ya jedwali. Mwenyekiti, Mzee Songoro, karani mstaafu wa reli, hakujua sarufi, ila aliheshimu chochote kilichopangwa kwa safu.

"*Shariba*," akaanza Ustadhi.

"*Yashrabu*."

"*Jalasa*?"

"*Yajlisu*."

"*Dakhala*, aliingia?"

"*Yadkhulu*."

Ustadhi akatabasamu kama paka aliyesikia panya darini. "Bwana mdogo, herufi ya pili hapo ni ipi?"

"Kha, Ustadhi."

"Inatoka wapi?"

"Kooni."

"Basi soma ukuta."

"Nimeusoma, Ustadhi. Herufi za koo huivuta a mara nyingi, siyo daima. Pengine hushindwa, kama hapa. Kitenzi cha namna hii ukikikuta mara ya kwanza, husemi kitu mpaka umekisikia kwa wenyewe au umefungua kamusi."

"Kamusi iko kijijini Simbo, imeazimwa," akasema Mzee Songoro. "Kwa hiyo jibu hulijui?"

"Hili nalijua, Mzee. Nilikuwa nasema yale nisiyoyajua. Na ushahidi upo, kuna aya..."

"Aya!" Ustadhi akainua kidole. "Leo ni sarufi. Qur'ani ni Jumamosi. Au huko kwenu mlikuwa mnachanganya?"

Kamati ikacheka. Ratiba ya madrasa ndivyo ilivyokuwa: watoto walihifadhi siku moja, wakachambua siku nyingine, na hapakuwa na aliyewahi kuzikutanisha siku hizo mbili. Ustadhi akaandika kwa chaki: *yadkhalu*.

"Jioni nitamjibu rasmi," akasema Mzee Songoro. Lakini barua alikuwa ameshaikunja na kuirudisha mfukoni.

Magharibi Ustadhi aliongoza sala, roho yake nyeupe. Rakaa ya pili ulimi ukaelekea wenyewe, kama punda ajuaye njia ya nyumbani, kwenye sura fupi aliyoisoma kila Alhamisi kwa miaka ishirini, ile ya watu kuingia katika dini makundi kwa makundi. Alikuwa ameshawataja watu. Neno lililofuata lilikuwa "wanaingia".

Akakwama.

Akisema kama ukuta, ameharibu maneno ya Mungu mbele ya safu nne za waumini. Akisema kama yalivyoteremshwa, ameharibu ukuta. Akarudi nyuma, akawataja watu tena. Akakwama palepale. Mtu akakohoa.

Imamu akikwama, yeyote aliye nyuma yake humkumbusha. Ndiyo desturi, na wala si utovu wa adabu. Kutoka safu ya mwisho ikatoka sauti tulivu, yenye lafudhi ya Buyenzi:

"*Yadkhuluuna*."

Ustadhi akalipokea. Afanyeje?

Baada ya salamu Mzee Songoro hakugeuka kumtazama mtu. Aliinyoosha barua juu ya goti, akaitia sahihi, akampa Niyibizi.

"Hilo neno hata mjukuu wangu analijua," akasema. "Na mimi nimelisoma maisha yangu yote. Asubuhi lilikuwa wapi?"

"Jumamosi, Mzee," akajibu Niyibizi.

Kesho yake Ustadhi alifika mapema na kopo la rangi. DAIMA ikafutwa, ikaandikwa MARA NYINGI, kwa herufi ndogo, mahali ambapo mlango ukifunguliwa hupaziba. Wanafunzi walipouliza, aliwaambia kwamba jedwali halikuwa na kosa: limeboreshwa.