Fungu la Mjomba

Dorkas alikuwa akichekecha unga wa uwele mlangoni mwa tembe lake, pale Ulemo, Mjomba alipopiga hodi. Alizoea kuja jioni, baada ya mavuno, wakati akina mama wanapuliza moto, kwa hiyo kigoda chake kilikuwa kimeshawekwa. Alikung'uta vumbi miguuni, akaitikia shikamoo za waliokuwapo, akanyoosha viganja juu ya mafiga. Viganja vyenyewe vilikuwa vyeusi kama sufuria ya shughuli, maana ndiye aliyeuiba moto nyumbani kwa Jua, na kazi ile ilimwachia alama.

Umri wake hakuna aliyeujua. Babu yake Dorkas alimwita Mjomba, Dorkas naye akamwita Mjomba, na mwanawe Zefania, mwalimu wa shule ya misheni, hakuwa na jina jingine la kumwita. Mjomba alimpakata Zefania angali kitovu hakijakauka, na mpaka leo hakuacha kumuuliza kama anakula vizuri.

"Haya, nianze?" Dorkas aliuliza.

"Anza, mama. Baridi imeshaingia."

Basi Dorkas akasimulia, kama ilivyosimuliwa siku zote. Zamani watu walikula unga mbichi uliolowekwa maji, na nyama wakaianika juu ya majabali mpaka ikakauka. Moto ulikuwa nyumbani kwa Jua, huko linakolala, ng'ambo ya pori la Rungwa, na Jua halikumgawia mtu hata cheche. Mjomba akaenda kama mgeni. Akalichungia Jua ng'ombe wake, akala kwake, akapewa mahali pa kulala, mpaka wakamzoea na kuacha kumwangalia. Ndipo siku moja akatia kaa la moto ndani ya bua kavu. Kiini cha bua kikashika moto taratibu bila kutoa ulimi, na ganda la nje likabaki baridi mkononi. Akaaga kwa adabu, akaondoka na fimbo yake.

Jua lilipogundua likamfukuza. Mjomba alipochoka alimpa kanga bua alibebe, ndiyo maana kanga ana madoa ya majivu mpaka leo. Na kila alipopita kwenye mti aliouamini, aliusugua kwa ncha ya bua, akauachia moto kidogo. Kwa hiyo mtu akiutia ulindi, kijiti cha kupekechea, kwenye ulimbombo, kijiti kilicholazwa chini, akaupekecha kwa viganja, moto unatoka. Hautengenezwi pale, umo humo tangu siku ile. Miti ambayo Mjomba hakuiamini, pekecha mpaka kesho, utaota sugu bure.

Jua lilipofika, moto ulikuwa umeshalala ndani ya miti ya nchi nzima. Halikuweza kuurudisha. Likasema: "Sawa, kaeni nao. Lakini adhabu yangu nimekuja nayo, na sirudi nayo nyumbani."

Hapo Dorkas aliwatazama waliokaa kuzunguka moto. Hadithi ile haikuishia kwa msimulizi, iliishia kwa wasikilizaji, kila mmoja akichukua fungu lake la adhabu.

"Kuna moshi wa macho," alisema.

"Langu," Stumai, mke wa Zefania, aliitikia. Macho yakaanza kumtoka machozi palepale, akayafuta kwa upindo wa khanga.

"Kuna lengelenge."

Jirani mmoja akasema langu, akaanza kupuliza kidole. Mwingine akachukua kikohozi, akakohoa. Dorkas mwenyewe alichukua mvi, kama kila mwaka. Kila aliyekuwa ameota moto alibeba fungu, mpaka adhabu ikagawanyika ikaisha, na Jua likakosa cha kumtwisha Mjomba. Likamwachia kazi moja tu: azunguke jioni nyumba hadi nyumba, aangalie kama moto umewaka.

Fungu la mwisho lilikuwa homa. Hilo lilikuwa zito, na watu walipokezana mwaka hadi mwaka. Zefania alipokuwa mdogo, baba yake alisema langu kwa homa, akafa kabla ya mvua za kwanza. Mjomba alishika jembe, akachimba kaburi pamoja na wanaume wengine, na hakuna aliyelaumu. Zefania alilaumu, ila kimoyomoyo. Jioni ile ya uwele, homa ilichukuliwa na mama yake mkubwa, na Zefania, kama kawaida yake, alikaa na mtoto wake Selina mapajani, akiota moto bila kuchukua kitu.

Mwaka wa pili baada ya vita ya Hitla, Mkaguzi wa shule alifika Ulemo. Alikuwa Mwingereza mwenye kofia pana na Kiswahili kizuri, na alipenda hadithi za wenyeji. Akakaa mbele ya darasa, akamwambia Mwalimu Zefania awape watoto hadithi ya kwao.

Zefania akawapa ya moto. Alisimulia vizuri, bua na kanga na miti, na Mkaguzi akawa anatikisa kichwa kwa kufurahi.

"Na mwizi alifanywaje?" Mkaguzi aliuliza.

Watoto walikuwa wameshajiweka sawa. Wengine walikwisha fungua midomo. Zefania aliwaona, akaona pia uso wa Mkaguzi, akakumbuka kaburi la baba yake. Akajisikia aibu: hivi anawezaje kumweleza Mzungu kwamba kwao mtu huiba na adhabu wakala wengine? Alipokuwa chuoni alisikia hadithi ya Wayunani, ya mtu aliyeiba moto akafungwa kwenye mwamba. Ulimi ukateleza huko, na hakuushika.

"Jua lilimfunga kwa minyororo juu ya jabali," alisema. "Peke yake. Kila asubuhi tai anakuja kumla ini. Usiku ini linaota upya, ili asubuhi tai asikose."

Watoto wakafunga midomo.

"Safi kabisa!" Mkaguzi alisema. "Aliyeiba ndiye alipe. Hiyo ndiyo sheria, Mwalimu." Akaagiza hadithi isimuliwe hivyo kila Jumatatu kwenye gwaride la asubuhi, Ulemo na Nduguti na shule zote za eneo lake. Mwaka haukuisha Zefania akawa mwalimu mkuu, na nyumba yake ikaezekwa mabati.

Jioni ya siku ile ya ukaguzi Mjomba hakuja. Asubuhi alionekana juu ya jabali lililo nyuma ya shule, amefungwa mikono na miguu. Kengele ilipogongwa tai alishuka, akafanya kazi yake, akaondoka kabla ya kipindi cha hesabu.

Wachungaji walihamishia mbuzi upande wa pili ili wasimchafulie kivuli. Mtemi alituma mtu kuuliza kama kuna amri ya serikali, akajibiwa ipo, akaridhika. Dorkas alipanda na ugali na mlenda, akamlisha kwa mkono wake kama mgonjwa.

Kilichofuata ni raha. Stumai alipika na moshi haukumchoma macho. Watu walishika vyungu vya moto wasipate lengelenge. Vikohozi vya kiangazi vilikoma. Homa iliondoka kabisa, na Selina, aliyekuwa mtoto wa kuugua kila mwezi, akanenepa mashavu. Watu walisema mwaka umekuwa mwema. Wakipita chini ya jabali walisalimia, "Shikamoo, Mjomba," na sauti ikatoka juu, "Marahaba, wanangu, moto umewaka?" Wakasema umewaka, wakaenda zao.

Dorkas peke yake hakukubali. Jioni alikaa kwenye mafiga akasimulia ile ya zamani, akafika kwenye mafungu, akawatazama waliokuwapo. Watu waliinamia miguu yao. Mmoja alikumbuka ana ndama wa kufunga. Basi Dorkas akajibu mwenyewe: moshi langu, lengelenge langu, kikohozi langu. Alikohoa mpaka alfajiri. Siku hiyo tai alikula kidogo akashiba, lakini ajuza mmoja angeweza nini? Vidole vyake vilikuwa vimejaa malengelenge hata kuchekecha akashindwa.

"Wewe ndiye uliyemfunga," alimwambia mwanawe. "Mdomo wako."

"Mama, mimi nilitii Mkaguzi."

"Mkaguzi aliuliza. Aliyejibu ni wewe."

Nafsi ilimsuta Zefania akila, ikamsuta akisahihisha madaftari, na chini ya mabati yake mapya ilimsuta zaidi. Jumamosi moja akapiga moyo konde, akapanda jabali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda? Unakula kweli?"

"Nakula." Zefania alishika mnyororo, akauvuta. Haukuwa na kufuli wala kiungo cha kufungulia. "Mjomba, nisamehe. Sikujua kama itakuwa kweli."

"Ilikuwa kweli siku zote," Mjomba alisema bila hasira. "Ulidhani mkeo alikuwa analizwa na nini? Adhabu haina macho, Zefania. Inakwenda inakoelekezwa."

"Nikiisimulia upya?"

"Jumatatu waambie watoto yale mafungu. Wao wataogopa, wamesahau. Kwa hiyo anza wewe. Chukua moja mbele yao, wengine watafuata."

"Lipi?"

Mjomba alitazama upande wa kijijini, moshi ulikokuwa unatoka. "Mepesi watayamaliza wao. Mwalimu mkuu achukue homa."

Zefania alikubali. Alisema "naahidi, Mjomba", akasema mara ya pili ili aisikie mwenyewe, na aliposhuka roho ilikuwa nyepesi. Usiku wa kuamkia Jumatatu alimtazama Selina aliyelala, akamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi, zuri. Akamkumbuka baba yake alivyotetemeka chini ya ngozi za mbuzi.

Jumatatu watoto walipanga mistari. Mkaguzi hakuwapo. Hapakuwa na Mzungu hata wa dawa, wala mtemi, wala mzazi, ni watoto tu na vumbi lao na Dorkas aliyekuwa amesimama kando akiegemea mti, maana alikuwa amepata habari. Zefania akasimulia. Bua, kanga, miti. Jua likafika, likasema halirudi na adhabu yake nyumbani.

"Kuna..." Zefania alisema.

Watoto walingoja. Dorkas aliinua kichwa. Juu ya jabali mnyororo ulilia kidogo, kama mtu aliyejigeuza kusikiliza.

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na Zefania alikuwa nalo mdomoni. Alikuwa na mke, na mtoto, na miaka thelathini tu. Akajiambia atalisema wiki ijayo, Selina akishapata nguvu.

"Kuna jabali," alisema. "Likamfunga pale. Peke yake."

Tai akashuka. Dorkas alijifunga khanga vizuri, akarudi kwake bila kumtazama mwanawe. Alikufa kabla ya mavuno, amejaa mafungu, na waliomzika walishangaa tu jinsi nywele zake zilivyokuwa nyeupe.

Wiki iliyofuata Zefania alisema tena wiki ijayo. Miaka ikaenda hivyo. Alikuwa mwalimu mzuri, hakuna aliyemsema vibaya, na kigoda cha Mjomba alikihamisha kutoka kwa mama yake akakiweka jikoni kwake. Hakumruhusu mtu akikalie. Jioni hukaa mkabala nacho, amenyoosha viganja kwenye moto usiotoa moshi wa kuumiza, machozi yanamtoka, na Stumai ameacha kumuuliza.

Watoto wanaopeleka chakula jabalini hupitia kwake wakirudi.

"Mwalimu, Mjomba anakusalimia. Anauliza kama moto umewaka."

"Mwambieni umewaka," Zefania husema, akausogezea kuni.