Mpimwa Hakupumzika

Rungu lilimpata Kidoti kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, kabla hajamaliza kusema "kaka, nisikilize." La pili likatua palepale. Komando hakuwa mtu wa kupiga ovyo. Miaka tisa ya kulinda lango la chuo cha uuguzi ilimfundisha kupiga mahali ambapo koti litafunika.

"Fomu ya hosteli, siyo?" Aliipeperusha mbele ya macho yake, kisha akaichana vipande. "Mama alinikabidhi wewe akiwa anakata roho. Leo unataka kunikimbia mimi?" Akamshika nywele, akamgonga kichwa ukutani. "Ukiulizwa, umeanguka bafuni. Sema!"

"Nimeanguka bafuni."

"Haya, mdogo wangu. Vaa koti, tusichelewe."

Wakaongozana hadi chuoni, na njiani watu wakamsifu: kaka anayemsindikiza dada yake kila siku, wako wangapi siku hizi? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakutuambia kwamba nguo yenyewe huweza kuwa sare ya mlinzi.

Siku hiyo maabara ilikuwa na kazi ya vitendo: kupima presha na mapigo ya moyo mtu akiwa amepumzika, kisha apande na kushuka benchi dakika tatu, apimwe tena. Kidoti alikuwa mpimwa. Mpimaji alikuwa rafiki yake, Redio, msichana aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki hata umeme ukikatika. Mwalimu wao, mama mmoja mzee aliyeanzia kazi wodini, walimwita Sahihi. Hakuna karatasi iliyopita kwake bila saini, na vipimo vya mapumziko alivisaini kabla mtu hajanyanyua mguu. "Nikiwaacha mtapika namba," alisema. "Nawajua, nyinyi ni wapishi hodari."

Redio akakunja mkono wa koti ili afunge mkanda wa presha. Akanyamaza. Redio, kunyamaza!

"Nimeanguka bafuni," Kidoti akawahi.

Sahihi akasogea, akatazama, uso wake haukubadilika. "Tumieni mkono wa kulia. Lakini kwenye sehemu ya mbinu, Redio, andika kwa nini hamkutumia wa kushoto kama wenzenu. Andika ulichokiona, siyo ulichoambiwa. Na saa."

Redio akaandika: *Saa 2:20. Mkono wa kushoto haukutumika. Michubuko miwili mirefu, imelala sambamba juu ya kiwiko. Uvimbe. Vidole vyote vinakunja na kunyooka.*

Kidoti akakaa dakika tano bila kuongea, miguu chini, mkono wa kulia mezani usawa wa moyo. Redio akajaza upepo, akaweka stetoskopu kwenye kiwiko, akauachia upepo taratibu. Mdundo wa kwanza: 138. Ulipopotea: 88. Mapigo: 104 kwa dakika.

"Mbona kama mtu aliyetoka kukimbia? Wewe si umekaa tu?"

Wakasubiri dakika tano nyingine. Nje, filimbi ya Komando ikalia langoni kufungulia gari. Redio alikuwa na vidole kwenye kifundo cha mkono wa rafiki yake, akausikia moyo ukiruka kama sungura: 122. Akamtazama usoni, akatazama dirishani, akaelewa, na machozi yakamlengalenga. Akaandika namba zote. Sahihi akasaini saa 2:35.

Ndipo Kidoti akapanda benchi. Juu, chini, Redio akimpigia makofi. Mara tu baada ya dakika tatu: 168 kwa 86, mapigo 156. "Hapo ni sawasawa," Sahihi akawaambia wote. "Ya juu imepanda kwa sababu moyo unasukuma damu nyingi kwa nguvu zaidi. Ya chini imekaa karibu palepale kwa sababu mishipa ya misuli inayofanya kazi imetanuka. Na mjue, moyo kupanda si ugonjwa. Moyo wenye afya mtautambua kwa jinsi unavyorudi upesi."

Kidoti alipokwenda stoo ya nyuma kuosha vifaa, mlango wa nje ulikuwa wazi, na Komando alikuwa amesimama hapo.

"Nimekuona dirishani. Mkono nje! Umewaonyesha nini?"

Hakusubiri jibu. Rungu likashuka kwenye mkono uleule wa kushoto, na safari hii mfupa ukalia, ko! Kidoti akaanguka kwenye sinki, bilauri zikavunjika chini yake. Teke la ubavu likamkata pumzi. Redio aliyekuja mbio akamrukia Komando mgongoni, akamng'ata sikio mpaka akaonja damu. Komando akajigeuza, akamchapa rungu la mdomo. Jino likaruka likagonga kabati. "Nitakuua!" akanguruma, na alikuwa anarudi kwa dada yake, rungu juu, wenzao walipoingia. Akalishusha rungu polepole, akavaa sura ya mlezi.

Ofisini kwa mkuu wa chuo alikuwa mtulivu mno. "Mzee, mtoto kaanguka kwenye benchi lao la mazoezi. Mkono wote umeumia hapo. Nimekwenda kumnyanyua, huyu mropokaji akanivamia, nikajitetea. Tazama sikio."

Mkuu akamgeukia Redio, aliyeshikilia kitambaa chenye damu mdomoni. Kila alichosema kilitoka nusu nusu, na sifa yake ya uropokaji ilikuwa imemtangulia. Kidoti alikuwa kwenye kiti, amejishika mkono uliolegea. Fomu imechanwa. Leo jioni atarudi nyumbani na mtu huyu, na hatafika kesho. Alilijua hilo bila shaka yoyote.

"Dada, umeanguka wapi?" mkuu akauliza.

Komando akamtazama. Kidoti akafungua mdomo, na sauti isitoke.

Sahihi akaweka ripoti mezani. "Mzee, soma sehemu ya mbinu. Halafu soma saa ya saini yangu."

Mkuu akasoma. Akarudia. "Hapa mmeona michubuko saa mbili na ishirini."

"Naam. Na benchi kapanda baada ya saa mbili na thelathini na tano. Ameumiaje na benchi ambalo alikuwa hajalipanda?"

Komando akaruka juu ya meza kuinyakua karatasi. Wino ukamwagika, kiti kikavunjika, mkuu akapigwa kiwiko cha pua. Walinzi wenzake wawili waliosimama mlangoni, waliokunywa naye chai kila asubuhi, ndio waliomlaza sakafuni na kumfunga pingu huku akiporomosha matusi.

"Kanipiga yeye," Kidoti akasema, sauti imepatikana. "Leo, na kila siku. Nataka chumba."

Akapata chumba siku hiyohiyo. Komando akapelekwa polisi.

Ripoti ilirudi baada ya wiki, ina doa la wino na maneno mekundu ya Sahihi: *Rudia. Mpimwa hakuwa amepumzika.*

Wakarudia, Kidoti akiwa na plasta ngumu mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi kifundoni. Dakika tano kimya. Redio, pengo lake likiwa wazi, akapima: 114 kwa 72, mapigo 70. Alikuwa anataka kushangilia, mara mlinzi mpya akapuliza filimbi langoni.

Mapigo yakaruka hadi 110. Kidoti akafumba macho, jasho likamtoka. "Andika," akasema kwa hasira. "Usinionee huruma, andika!"

Redio akaandika. Hakuachia kifundo. 98. 84. 72.

"Dakika ngapi?"

"Mbili."

Kidoti akavuta karatasi, akaandika mwenyewe kwenye sehemu ya majadiliano, kwa mkono wa kulia: *Moyo ulipanda. Umerudi.*