Giaboksi ya Kuazima

Kiwanda chetu cha saruji kilikuwa na kinu kimoja tu. Kinu kikisimama, kila kitu kinasimama, na wakubwa wanakumbuka ghafla kwamba stoo ina mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mikanda, boliti na beringi ndogo ziliisha kila mara, na hizo hakuna aliyezigombania. Ugomvi ulikuwa juu ya giaboksi ya akiba, lile sanduku la gia la kuzungushia kinu. Tangu ifike ilikuwa haijawahi kufungwa kwenye kinu. Ilikaa kwenye kona, kubwa kama gari dogo, imejazwa mafuta isiote kutu, na kila mwezi nilizungusha mhimili wake ili beringi zisilale upande mmoja. Niliipaka rangi nyekundu. Kwetu nyekundu maana yake: hii ikikosekana, tumekwisha, kwa sababu kiwandani inakotengenezwa mpya huchukua miezi minane.

Mhasibu akaja na uso wa mtu aliyenyimwa chai.

"Mzee wa stoo, hii pesa imelala."

"Iache ilale. Siku ikiamka, wewe ndiye hutalala."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda kwa meneja, na meneja akaja na wazo ambalo, nisiseme uongo, halikuwa la kijinga. Kiwanda ndugu, cha tajiri yuleyule mwenye chetu, kina kinu kama chetu. Vinu viwili, giaboksi moja ya akiba, ikae kwao. Atakayeharibikiwa anachukua, na papo hapo inaagizwa nyingine.

"Nao wakiifunga kimya kimya?" nikauliza.

Aliyenijibu ni msimamizi wa mafundi, na huyo ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi. Makubaliano nitayasimamia mimi. Wakiigusa tu, nitajua, na nitaagiza mpya siku hiyohiyo. Na yetu hapa ikianza kuumwa, mtetemo utatuambia mapema."

"Mtetemo utakuambia wiki kadhaa kabla. Mpya ni miezi minane."

"Ndiyo maana nasema nitasimamia. Au huniamini?"

Ningemwambia nini? Huyu alikula kwenye sahani yangu tangu hajaota ndevu. Nikafungua geti, kreni ikainyanyua, ikaenda zake.

Kumbe kiwanda ndugu waliifunga mapema mno. Walimpigia shemeji, wakamwambia. Naye hakuagiza kitu, kwa sababu meneja alimwomba asubiri mwaka wa hesabu uishe, takwimu zetu zipendeze. Wote wawili walijua. Mimi nilijua siku jino la giaboksi yetu lilipokatika na mafuta yalipotoka yakimetameta vipande vya chuma.

Tukaitwa ofisini. Simu ya tajiri ilikuwa mezani, imefunguliwa, sauti yake inatoka kama ya mtu aliye kisimani.

"Nani aliruhusu ya akiba itoke?"

Meneja akamwangalia shemeji. Shemeji akaangalia kofia yake ya kazi.

"Stoo ndiyo ilisema haina matumizi, bosi," akasema. "Sisi mafundi tulifuata stoo."

"Shemeji!" Nilimgeukia.

"Mzee ameshachoka," meneja akadakia, kwa sauti ya huruma ya kununua. "Tangu afiwe, mambo yanampita."

Wakamwingiza na marehemu mle ndani! Nikaeleza, nikapaza sauti, lakini sauti ya stoo huwa haifiki juu. Tajiri akasema funguo za stoo zipokewe kwangu, niende nyumbani. Mhasibu ndiye aliyenyoosha mkono, na nasikia hata yeye aliona haya.

Jioni shemeji akaja nyumbani. Alisimama mlangoni bila kubisha sana, kama mtu anayetumaini hatasikika. Nikamwambia apite. Hakukaa.

"Shemeji, nisikilize. Walikuwa wanatafuta kichwa cha mtu. Mimi nina watoto wanne, wawili bado wanasoma. Wewe umebaki peke yako. Nikaona wewe utastahimili."

Kwa hiyo alinipima. Aliweka upande mmoja hasara ya kunipoteza mimi, upande mwingine hasara yake, akaona mimi ndiye wa bei nafuu. Hesabu ileile waliyoifanyia giaboksi.

"Siku tulipomzika dada yako," nikamwambia, "ulinishika bega ukasema sitabaki peke yangu wewe ukiwa hai. Nani amekufa, shemeji? Wewe?"

Akaniuliza kama nahitaji kitu chochote kutoka dukani.

"Nahitaji mlango," nikasema, nikaufunga yeye akiwa nje.