Wiki Tatu za Homa

Mama Pacha, mpiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, alikwenda kulalamika kwamba kazi imemzidi. Mpangaji wa zamu akamwonyesha kompyuta: sheria inataka wastani wa wiki kumi na sita usizidi saa arobaini na nane kwa wiki, na wake ulikuwa arobaini na mbili na kidogo.

“Basi mwili wangu ndio mwongo,” akasema, akageuka aende zake.

“Hebu ngoja, dada.” Mpangaji alikuwa ameziona zile wiki tatu alizolazwa kwa homa. Kompyuta ilizihesabu kama wiki zenye saa sufuri, ilhali wiki za ugonjwa huachwa nje. Akagawanya upya kwa wiki kumi na tatu: hamsini na mbili.

“Kumbe hata kitandani nilikuwa nawachapia kazi!”

Mpangaji hakucheka. Palepale akamfutia zamu za Jumamosi mpaka wastani ushuke.

“Mungu akuzidishie, kaka,” alisema Mama Pacha.

Jumamosi mchana watoto wake pacha walimkuta amejilaza. Mmoja akakimbilia kumgusa paji la uso, kisha akamnong'oneza mwenzake kwa mshangao, “Haumwi. Amelala tu.”