Andika Nimepona

Karani wa masijala aliandika barua ile mara nne akaichana, kwa sababu kila mara alijikuta anambembeleza bosi kama mtoto anayeomba peremende. Ya tano ndiyo iliyonyooka. Alieleza kwamba ana glakoma, ile watu wanayoiita presha ya macho, na dawa yake ni matone mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Ya saa nane humkuta kazini. Ni chupa mbili, na baada ya kila chupa husubiri dakika tano, macho ameyafumba, kidole kimebana kona ya jicho karibu na pua ili dawa isikimbilie kooni. Dakika kumi tu, basi!

Aliomba na ruhusa ya kliniki kila miezi mitatu, ya kwanza Alhamisi hiyo, apimwe presha na uoni wa pembeni. Aliomba pia meza yake itolewe kwenye mng'ao wa dirisha, herufi za kompyuta zikuzwe, na kingo za ngazi zibandikwe mkanda wa njano. "Pembeni sioni vizuri," alimalizia. "Nagonga milango. Kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa."

Asingeandika kama si mwenzake mmoja, mtu asiye na haya, aliyempiga picha macho yamefumbwa akairusha kwenye kundi la ofisi: "Masijala usingizi mtamu." Watu walicheka siku mbili. Miaka kumi na saba pale, hajapoteza faili hata moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini nani wa kumpa?

Bosi wa utumishi, ambaye kisogoni walimwita Kanuni, alimwita Jumatatu, saa nane kasoro dakika tano. Chupa zilikuwa mkobani. Alibisha, akakaribishwa, akaingia na kusimama kushoto kwa meza. Kanuni aliendelea kusoma, kisha akashtuka nusura amwage chai.

"Ala! Umesimama hapo tangu lini? Unanyata kama paka!"

"Umenikaribisha mwenyewe, bosi."

Kanuni alifungua kabati la chuma lililokuwa mkono wake wa kushoto, akatoa fomu, akaanza kuisoma barua kwa sauti, mlango wa ofisi wazi, mpaka katibu muhtasi nje akaziba mdomo kwa kicheko.

"'Nagonga milango!' Sasa mama, nani hagongi milango? Mimi mwezi huu nimegonga mara tatu. Uzee huo! Marehemu baba alimaliza miaka yake haoni hata sahani iliyo mbele yake, na hakumwandikia mtu barua."

Karani aliinua macho. Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa nane.

"Fomu inataka tarehe ya kupona," Kanuni alisema.

"Hakuna, bosi. Ni ugonjwa wa maisha."

"Basi wa maisha unakwenda kwenye bodi ya madaktari, waseme kama unafaa kazi. Karani wa mafaili asiyeona! Watakupumzisha mwezi huu huu." Akamsogezea kalamu. "Au andika hapa chini: nimepona. Yaishe."

Alikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni, na bila mshahara hakuna matone. Aliinamisha uso karibu na karatasi, akaandika: nimepona.

"Safi. Na aliyepona haendi kliniki. Alhamisi nakutaka hapa. Na saa nane kila siku, macho wazi."

Kanuni aliinuka kurudisha fomu, akageuka kushoto, na paji la uso likajipiga ukingoni mwa mlango wa kabati, pwaa! Damu ikachuruzika mpaka kwenye nyusi.

"Nani ameacha hiki kitu wazi?" alifoka.

Ni yeye mwenyewe, sasa hivi. Karani alimtazama. Maneno ya nesi wa kliniki yalimrudia: ugonjwa huu hauumi, mama, unakula pembeni taratibu, mtu hajui mpaka umemaliza nusu, na unatembea kwenye ukoo, baba kwa mwana. Kanuni akiwahiwa sasa, macho yake yanaokolewa. Sentensi moja tu ilitosha: nenda kapimwe, bosi. Ilikuwa tayari ulimini.

"Unanikodolea nini? Una lingine?"

Alitazama neno lake mwenyewe kwenye fomu, mkononi mwa Kanuni.

"Sina, bosi," alisema. "Uzee tu huo."

Akatoka taratibu akipapasa ukuta, saa nane na robo, chupa bado mkobani.